Keki ya mvuke Bondeni: shajara ya kutafuta maji yanakotoka

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza leo. Jirani yetu hapa Bondeni, Nakuru, Mama Halima, ana akika ya mjukuu wake Jumamosi ya tarehe 31, na ameniomba nimpikie keki tatu za iliki. Oveni sina. Nina meko ya gesi ya kilo sita, sufuria kubwa ya pilau pamoja na kifuniko chake, na maelezo ya keki ya mvuke niliyopewa kwa simu na mama mkwe wangu aliyeko Mombasa. Nimempa Mama Halima neno langu kabla sijawahi kuipika hata mara moja, kwa hiyo nitaandika kila jaribio hapa nisije nikarudia kosa lilelile.

Vipimo alivyonipa ni hivi: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, mayai matatu, mafuta ya kupikia mililita 100, maziwa mililita 150, bekingi pauda vijiko vya chai viwili na nusu, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole. Mayai na sukari vinapigwa mpaka vivimbe na kuwa vyeupe, mafuta na maziwa yanafuata, kisha unga unaingizwa taratibu kwa mwiko.

Rojo nililimimina kwenye sufuria ndogo ya upana wa sentimita 20 niliyoipaka mafuta na kuitandika karatasi chini. Ndani ya sufuria ya pilau niliweka maji lita moja na nusu, nikapindua bakuli la bati katikati liwe kigoda, na ile sufuria ndogo ikakaa juu yake bila kuguswa na maji. Nikafunika. Moto wa wastani, dakika arobaini.

Nilipofunua, uso wa keki ulikuwa kama barabara ya vumbi iliyopigwa na manyunyu. Vishimo kumi na vinne, nilivihesabu. Kila kimoja kilikuwa na utelezi mweupe ndani, kama gundi ya unga. Katikati keki ilikuwa imebonyea, na nilipoikata, kitovu chake kilikuwa kibichi. Pembeni ilikuwa laini na tamu sana, na hilo ndilo lililonipa moyo. Sehemu ya juu niliikwangua, watoto wakala iliyobaki.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempigia mama mkwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Keki imekuwaje?"

Nikamweleza vishimo. Hakuniacha nimalize. "Kifuniko ulikifunga kitambaa?"

"Hapana, Mama. Hukuniambia."

"Basi hayo ni majasho ya kifuniko. Mimi nilisahau kukwambia kwa sababu sisi tulizoea kupalia moto juu. Makaa yakikaa juu ya kifuniko, tone halianguki hata moja. Wewe na gesi yako utapalia nini? Chukua kitambaa, ukifunge kifuniko, fundo liwe juu."

Nimekaa nikalifikiria hili la kupalia, maana tangu utoto nimeona makaa juu ya sufuria ya pilau na ya mkate wa mayai, na siku zote nilidhani kazi yake ni kukausha wali na kuupa mkate rangi. Kumbe kuna kazi nyingine pale. Mvuke unapanda ukiwa moto sana. Kifuniko cha alumini upande wa ndani kinapigwa na mvuke, lakini upande wa nje kinapigwa na hewa ya jikoni, na mwezi huu wa mvua hapa Nakuru asubuhi jikoni kwangu ni baridi. Mvuke ukigusa bati lililopoa kuliko wenyewe, unageuka maji papo hapo. Ukiweka makaa juu, bati linakuwa na moto kuliko mvuke, na mvuke hauna pa kugeukia maji. Kitambaa kinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: maji yanafanyika vilevile, ila yanashikwa kabla ya kuanguka.

Tofauti hiyo ina maana kwa mpishi. Kitu kinachoshika maji kina mwisho wake. Kikijaa, kitadondosha.

Alhamisi, 8 Mei

Jaribio la pili, kwa leso ya zamani ya pamba. Niliilaza mezani, nikaweka kifuniko juu yake, nikakusanya pembe nne na kuzifunga juu ya kishikio.

Vishimo vilipungua vikawa vitano, vyote katikati, na havikuwa na kina. Nilipoviangalia vizuri nikaona vinaweza kusomwa. Tone likianguka mapema, rojo likiwa bado majimaji, linazama na kuacha doa jeupe tu. Likianguka keki ikiwa imeshika nusu, linachimba shimo, na hivyo ndivyo vile vya siku ya kwanza. Likianguka keki ikiwa imeshaiva, halichimbi; linalowesha tu ngozi ya juu, na ukigusa kwa kidole ngozi inachubuka. Madoa ya leo yalikuwa ya aina hii ya mwisho. Maana yake leso ilishika maji kwa muda mrefu, ikalemewa mwishoni.

Kosa jingine ni rangi. Leso ile ina pindo jekundu, na pindo lilikuwa limejikunja chini ya kifuniko. Upande mmoja wa keki umetoka na alama ya waridi. Nimeifua leso hiyo miaka mingi na sikutarajia ingechuja tena, lakini mvuke wa saa nzima haufanani na kuloweka kwenye beseni. Keki hiyo sikumpa mtu. Kuanzia sasa ni kitambaa cheupe peke yake.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimetaka kujua kiasi. Ninayo mizani ndogo ya jikoni ya dijitali, kwa hiyo nilipima vitambaa vikiwa vikavu na kuvipima tena baada ya dakika 55 za mvuke, bila keki ndani, maji tu yakichemka.

Kipande cha marekani cha tabaka moja, kile kinachotokana na mfuko wa unga wa zamani, kilirudi na gramu 29 za maji, na kilikuwa kinadondosha. Nilijua kwa kuwa niliweka sahani kavu juu ya kigoda mahali pa keki, na sahani ilikuwa na maji ndani. Kisha nikachukua taulo la pamba lililochakaa, nikalikata likawa mraba wa sentimita 65. Likiwa kavu lilikuwa gramu 160. Lilirudi na gramu 206, na sahani ilikuwa haina kitu zaidi ya ukungu.

Gramu 46. Hiyo ni kama vijiko vitatu vikubwa vya maji, na vyote vingeanguka juu ya keki ya watu, kwa sababu kifuniko changu ni bapa. Laiti kingekuwa kimebinuka kama kawa, matone yangeteleza mpaka pembeni na kushuka kwenye ukuta wa sufuria. Kwenye kifuniko bapa tone halina njia, linaning'inia pale pale lilipofanyika mpaka liwe zito.

Nimejifunza pia kwamba ukubwa wote wa kitambaa haunisaidii sana, kwa kuwa sehemu inayokaa chini ya kifuniko ndiyo inayopokea maji. Zile pembe zilizofungwa juu zinavuta kidogo, zikalowa kwa chini, basi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni unene. Marekani ya tabaka moja haitoshi kwa saa nzima. Nilipoikunja mara mbili ilikaribia kutosha. Taulo linatosha na kubaki. Vitambaa vyenye nailoni sitavijaribu. Maji yanatembea juu yake badala ya kuingia ndani.

Jambo moja kuhusu taulo: nililichemsha kwanza kwenye maji matupu kwa robo saa, nikalianika. Lilikuwa likinukia sabuni ya kufulia, na keki ya mvuke hupokea harufu yoyote iliyo ndani ya sufuria.

Jumatano, 14 Mei

Keki na taulo. Niliwamba kitambaa kama ngozi ya ngoma, nikivuta pembe zinazotazamana kwa nguvu kabla ya kufunga fundo, kwa sababu nilipolegeza kidogo kwenye jaribio la asubuhi, taulo lilipolowa lilishuka tumbo katikati, na maji yote yakakusanyika kwenye tumbo hilo. Kitambaa kilicholegea ni kibaya kuliko kukosa kitambaa, maana kinaleta maji mahali pamoja.

Vishimo: hakuna hata kimoja. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikagusa. Uso mzima ulikuwa unang'aa na kunata, ngozi nyembamba ya utelezi kutoka ukingo hadi ukingo. Kidole kikabeba unyevu.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa taulo limeshindwa. Nikalipima: limebeba gramu 33 tu, halijafika hata pale lilipofika Jumapili. Kwa hiyo maji haya hayakutoka kifunikoni.

Jumamosi, 17 Mei

Siku tatu nimekuwa nikiuliza maji yale yalitoka wapi. Jibu nimelipata kwa kijiko. Nilikuwa nakoroga chai asubuhi, nikachukua kijiko kingine kutoka kwenye friji, kilichokuwa kimelazwa kwenye bakuli la samli, nikakipitisha juu ya birika linalochemka. Kilijaa matone mara moja. Kijiko kilichokuwa mezani kilipata ukungu tu.

Rojo langu la Jumatano lilikuwa baridi. Mayai na maziwa nilikuwa nimevitoa kwenye friji na kuvipiga papo hapo. Nilipoliingiza kwenye mvuke, rojo lenyewe lilikuwa kifuniko cha pili: mvuke uliligusa, ukageuka maji juu yake, na uliendelea hivyo mpaka uso wake ulipopata moto. Kitambaa hakiwezi kuzuia hilo hata kikiwa na unene wa godoro, kwa sababu maji hayaanguki kutoka juu, yanazaliwa pale pale.

Leo nimeyatoa mayai saa mbili kabla, nikayalaza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na maziwa nikayapasha mpaka kidole kivumilie. Kila kitu kingine sawasawa. Uso ulitoka mkavu kiasi cha kuweza kuupapasa, ukiwa na unyevu mdogo tu ambao ulikauka dakika tano baada ya kutoa keki nje.

Nimeona na jambo la tatu, nalo nimekuwa nikilifanya tangu siku ya kwanza bila kufikiri. Nikizima moto, nilikuwa naiacha keki ipumzike ndani ya sufuria ikiwa imefunikwa. Sufuria ikianza kupoa, mvuke wote uliobaki ndani unatafuta pa kukaa, na keki iko pale. Sasa nafunua huku moto ukiwa bado unawaka, nakiinua kifuniko moja kwa moja juu na kukipeleka kando bila kukiinamisha juu ya keki, maana taulo likiinama linamwaga. Kisha natoa sufuria ndogo, ndipo nazima.

Kwa hiyo nikisimama mbele ya keki iliyolowa, sasa najua pa kuangalia. Vishimo au madoa yaliyotawanyika ni matone ya kifuniko. Ngozi inayonata uso mzima ni ubaridi wa rojo, au keki iliyoachwa imefunikwa baada ya moto kuzimwa. Na kama unyevu uko ukingoni tu, pale keki inapokutana na ukuta wa sufuria, basi maji ya chini yanaruka yakichemka kwa fujo na kuingia kwa pembeni. Hilo lilinipata asubuhi moja nilipozidisha moto, na dawa yake ilikuwa kushusha moto tu.

Mama Halima alipita jioni akaonja kipande. Akasema, "Hii imekaa vizuri, lakini hapa kati mbona kama haijaiva?" Kweli. Kitovu bado.

Alhamisi, 22 Mei

Suala la kitovu. Mama mkwe anapika dakika arobaini na keki yake inaiva. Mimi nilishafika 55, na bado kijiti kinatoka na rojo.

Mwalimu mmoja wa sayansi anayeishi ploti yetu aliniazima kipimajoto. Nikakitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nguvu kabisa: nyuzi 94. Nilidhani kimeharibika. Akanieleza kwamba Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku juu ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mombasa pale ufukweni yanachemka kwenye 100. Hata niongeze moto namna gani, maji yatachemka kwa fujo na kuisha haraka, lakini mvuke wangu hautapita 94. Keki ya mama mkwe na yangu hazipikwi kwa moto mmoja.

Nyuzi sita zinaonekana kidogo, ila kuna sukari. Sukari nyingi inachelewesha unga kushika na mayai kugandamana. Keki tamu inataka moto zaidi ili isimame. Ukiwa na mvuke wa 100 una nafasi ya kutosha. Ukiwa na 94, nafasi hiyo ni ndogo, na kitovu ndicho kinachofikiwa na moto mwisho.

Nilibadilisha mambo matatu. Sukari nimeishusha kutoka gramu 200 hadi 160. Bekingi pauda kutoka vijiko viwili na nusu hadi kijiko kimoja na robo tatu, kwa kuwa hewa nyepesi inaiachia keki ivimbe haraka kabla haijawa na nguvu ya kujishika, ndiyo maana ilikuwa ikipanda na kubonyea. Na muda nimeuweka dakika 65, bila kufunua kabla ya dakika ya 55. Kila nikifunua mapema, mvuke unatoka, hewa baridi inaingia, na taulo linapoa na kuanza kazi upya.

Keki ilitoka imesimama. Kijiti kilitoka kikavu katikati. Sikuona tofauti kubwa ya utamu, iliki inaonekana zaidi kwa kuwa sukari haiifuniki.

Dada yangu anakaa Nyalenda, Kisumu, na nilimtumia vipimo vipya. Amenipigia usiku: kwake dakika 55 zimetosha. Kisumu iko chini kuliko sisi, kando ya ziwa, kwenye mita 1,130 hivi, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 96. Lakini alilalamika kuhusu vishimo. "Kitambaa nilifunga, dada." Nikamuuliza cha namna gani. Akasema kile chembamba cha kufunikia chapati. Nikamwambia akikunje mara tatu, au atafute taulo.

Jumapili, 25 Mei

Leo ni la kuandika kwa uangalifu kwa sababu lingeweza kuniletea hasara. Gesi iliisha katikati ya keki, nikahamishia sufuria kwenye jiko la makaa. Kwa haraka sikukagua fundo. Pembe moja ya taulo iliteleza, ikaning'inia kando ya sufuria, na baada ya muda nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Sehemu iliyo chini ya kifuniko ilikuwa imelowa na isingeshika moto, lakini ncha ile ilikuwa kavu na ilikuwa karibu na makaa. Iliungua kiasi cha kiganja. Nilimwaga maji, watoto walikuwa nje.

Kuanzia leo pembe nne zinafungwa fundo mbili juu ya kishikio, na ncha zinazobaki nazikunja na kuzibana kwa pini kubwa ya nguo. Nazungusha sufuria na kuikagua pande zote kabla ya kuwasha. Na kwa kuwa niko kwenye makaa, niandike pia: kitambaa na kupalia moto havikai pamoja kamwe. Ni kimoja au kingine.

Baada ya hapo, nikiwa na makaa mbele yangu, nilijaribu njia ya mama mkwe kwa keki ya pili. Bila kitambaa, makaa machache juu ya kifuniko. Hakukuwa na tone, kama alivyosema, na juu palipata rangi ya hudhurungi nyepesi, jambo ambalo mvuke peke yake hauwezi kulifanya hata ukikaa siku nzima. Kitu kilicholowa hakipati rangi. Ni nzuri sana. Lakini ilinibidi niongeze makaa juu mara mbili, na kwa keki tatu za Ijumaa usiku sitaweza. Nitabaki na gesi na taulo. Kama Mama Halima anataka rangi, nitaunguza vijiko viwili vya sukari kwenye kikaango mpaka viwe kahawia, nizimue kwa maziwa ya moto, niingize kwenye rojo.

Maji: niliweka lita moja na nusu, na baada ya dakika 65 yalibaki kama mililita 700. Nimeweka sarafu ya zamani ya shilingi tano chini ya maji. Maji yakichemka inagongagonga. Ikinyamaza, ama moto umeshuka ama maji yamekwisha, na mimi nikiwa uani nasikia.

Ijumaa, 30 Mei

Keki tatu, moja baada ya nyingine, kuanzia saa kumi alasiri. Mama Halima alisema hataki rangi, anataka iwe nyeupe.

Mayai tisa na maziwa yalikaa nje tangu saa nane. Nina mataulo matatu sasa, yote yamechemshwa, kwa sababu sikutaka kutumia lililolowa mara ya pili. Taulo lenye gramu 40 za maji tayari halina nafasi ya 40 nyingine. Kifuniko nacho nilikipangusa kila mara kabla ya kufunga taulo jipya. Rojo la kila keki nililipiga keki inayotangulia ikiwa na dakika ishirini zimebaki, ili lisikae likipoteza hewa. Maji nilijaza upya kwa maji yanayochemka kutoka kwenye birika.

Ya kwanza safi. Ya pili ilikuwa na doa moja karibu na ukingo. Nilitazama taulo nikakuta mshono wa pindo umepita chini ya kifuniko mahali hapo, na ule mshono mnene ulikuwa umelowa kuliko kwingine, umeshuka chini na kugusa keki ilipovimba. Sufuria ndogo nilikuwa nimeijaza kupita theluthi mbili. Ya tatu niliiacha chini kidogo, vidole vitatu kutoka kitambaa, na mshono nikauweka nje. Imetoka imetulia kabisa, juu kama mto uliopigwa pasi.

Saa nne usiku nimemaliza. Zimepoa juu ya ungo, nimezifunika kwa marekani kavu.

Jumamosi, 31 Mei

Nimezipeleka asubuhi kabla ya watu kuja. Ile yenye doa tuliiweka chini ya trei. Mama Halima alikata ya tatu mbele yangu, akabonyeza kipande kwa kidole kikarudi juu, akatazama kitovu kwa muda mrefu kuliko pale pengine. Kisha akaita, "Zuhura, lete sahani kubwa," na akaniuliza kama naweza kumfundisha binti yake kufunga lile fundo. Tumepanga Jumanne. Nimemwambia aje na taulo lake, la pamba, jeupe, na alichemshe nyumbani kwanza.